Mvumo wa umeme kwenye mahojiano: Noise Profile nimechukua, mvumo umepungua, lakini mgeni anasikika kama yuko ndani ya pipa

#1 Mtegasikio
Wakuu, habari zenu. Nina mahojiano ya dakika 40 na ushee, mimi na mgeni mmoja, kila mtu na maiki yake na traki yake, WAV ya 44100. Kwenye traki ya mgeni kuna mvumo wa umeme, ule wa "mmmm" ulioanza naye na kumaliza naye. Yangu iko safi.

Kwenye Audacity nimefanya kama inavyofundishwa kila mahali. Nimechagua kipande ambacho mgeni amenyamaza, nikaenda Effect > Noise Removal and Repair > Noise Reduction, nikabonyeza Get Noise Profile. Kisha nikachagua traki nzima, nikarudi kwenye dirisha lile lile na kuweka Noise reduction 24, Sensitivity 12, Frequency smoothing 6, nikabonyeza OK.

Akinyamaza, kimya ni kimya kweli. Tatizo ni akiongea. Sauti imekuwa nzito na ya kufunikwa, na mbaya zaidi kila neno linakuja na mvumo wake na kuondoka nao. Je, profaili ndiyo mbovu au ni hizo namba?

#2 Nyundo
Profaili yako fupi hiyo. Chukua kipande kirefu zaidi, Audacity ipate kuujua mvumo vizuri, halafu panda hadi 36. Ile kitu inaujua mvumo kisha inautoa kwenye sauti, inabaki sauti tupu. Ikiujua nusu inatoa nusu.

#3 Jiwe Gumu
Spika zilikuwa zimewashwa chumbani? Maana maiki ikisikia spika yake yenyewe lazima ilie. Rudisha spika nyuma ya maiki au punguza sauti.

#4 Mtegasikio
@Jiwe Gumu hapana mkuu, hakukuwa na spika. Ile unayosema hupiga kelele ya juu na hupanda. Huu ni wa chini na haubadiliki.

@Nyundo kipande kilikuwa cha sekunde 2 hivi. Nimejaribu 36. Pipa limeongezeka kina.

#5 Mama Mhariri
Sekunde 2 zinatosha, Nyundo. Programu inakataa tu pale kipande kinapokuwa kifupi kupita kiasi, yaani chini ya sampuli 2048, ambazo kwa 44100 hazifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Cha maana ni kilichomo ndani ya hizo sekunde 2. Kama kuna pumzi ya mgeni, kiti kimelia au mkia wa neno lililopita umebaki, basi vyote hivyo umeiambia Audacity kwamba ni kelele, na ikivikuta mbele itavishusha.

Halafu hiyo ya "inautoa kwenye sauti, inabaki sauti tupu" siyo inavyofanya kazi. Sauti inakatwa katika mikanda ya masafa, na kila mkanda unapimwa kila wakati: nguvu iliyomo inazidi ile iliyokuwa kwenye profaili au haizidi? Isipozidi, mkanda unashushwa kwa desibeli ulizoandika. Ikizidi, mkanda unaachwa kama ulivyo, na mvumo umo humo humo ndani. Hakuna wakati ambapo mvumo unatenganishwa na neno.

Mtegasikio, ndiyo maana unasikia mvumo ukija na neno. Mgeni anaponyamaza, mikanda yote ya chini inashuka desibeli 24. Anapofungua mdomo, mikanda aliyoigusa inafunguka na mvumo unapita naye. Mvumo wenyewe haujaongezeka. Ni kwamba umefanya vituo kuwa visafi mno, kwa hiyo tofauti inasikika. Ukiweka 24 tofauti ni 24. Ukiweka 8 tofauti ni 8, na sikio la msikilizaji huenda lisishtuke.

#6 Nyundo
Basi mama, mbona kwenye somo nililosoma jamaa aliandika Frequency smoothing 150 na Attack/decay, na sauti ilitoka safi? Kwangu hiyo 150 haiingii.

#7 Mama Mhariri
Somo lako ni la kabla ya Audacity 2.1.0 ya mwaka 2015. Wakati huo kulikuwa na Noise Removal, smoothing ilipimwa kwa Hz na kulikuwa na kitelezi cha Attack/decay time. Noise Reduction ya sasa imekiondoa hicho kitelezi, na smoothing inahesabu mikanda, mwisho 12. Namba za zamani ziache huko huko zilikotoka.

#8 Fundi Kebo
Mnahangaika na dawa wakati ugonjwa uko ukutani. Mvumo kwenye maiki moja tu kati ya mbili, sababu iko kwenye njia ya maiki hiyo. Laptopu ilikuwa kwenye chaja? Umeme wa chaja na umeme wa kifaa cha maiki vikikutana kupitia waya wa ardhi, mvumo ndio huo. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, usikilize.

#9 Mtegasikio
Mkuu, mgeni ameshaondoka na harudi. Ila ndiyo, upande wake kulikuwa na laptopu kwenye chaja.

#10 Kipepeo88
Na taa je? Ile ya kuzungusha kitufe ili ipungue mwanga inaleta mlio wa "zzzz" kwenye kebo ya maiki ikipita karibu. Mimi chaja haijawahi kunisumbua, taa ndiyo adui yangu.

#11 Fundi Kebo
Taa ya kupunguzwa inaleta mlio mkali wenye meno, unapanda hadi masafa ya juu. Yeye amesema "mmmm". Mimi nabaki na chaja.

#12 Kipepeo88
Chaja nazo nyingi zinalia kwa meno mkuu, kwa hiyo hoja yako inakurudi.

#13 Mama Mhariri
Tuangalie badala ya kubishana. Mtegasikio, tengua ulichofanya urudi kwenye sauti ya asili. Chagua zile sekunde 2 za kimya, fungua Analyze > Plot Spectrum, weka Size 16384 na Axis iwe Log frequency. Tuambie vilele viko wapi. Usitumie Size ndogo, vilele vitavimba na kuungana.

#14 Mtegasikio
Nimepata hivi: Hz 50 iko −52, Hz 100 iko −41 (ndiyo kubwa kuliko zote), 150 iko −50, 200 iko −55, 300 iko kama −58. Baada ya hapo ni majani tu, sioni kilele.

#15 Mama Mhariri
Asante. Sasa tatizo liko wazi, na siyo profaili.

Noise Reduction inatumia dirisha la sampuli 2048. Kwa 44100, kila mkanda una upana wa Hz 21.5 hivi. Mvumo wako wa 100 ni uzi mwembamba, lakini kwa programu unachafua mkanda wake na majirani zake wa pande zote mbili. Uzi unaofuata uko Hz 50 mbele, yaani mikanda miwili na kidogo. Kwa hiyo kutoka 50 hadi 200 karibu kila mkanda umeandikwa kwenye profaili kuwa ni kelele. Na sauti nzito ya mwanaume inaanzia wapi? Huko huko, karibu na 100.

Ongeza hiyo smoothing ya 6. Uamuzi wa mkanda mmoja unasambazwa kwa mikanda sita kila upande, ambayo ni karibu Hz 130 kwenda juu na 130 kwenda chini. Amri iliyotolewa kwa ajili ya 200 inagusa hadi 330. Halafu Sensitivity 12 inaifanya iwe nyepesi kuhukumu kwamba hata sauti yenyewe ni kelele. Umekata kifua cha mgeni wako, ndiyo pipa lako.

Kwa mvumo wa nyuzi chache namna hii, smoothing weka 0. Ipo kwa ajili ya kelele pana kama feni au upepo, ambako ukiacha 0 unasikia vimlio vidogo vidogo vinavyometameta.

#16 Mlinga
Samahani nadandia uzi. Kwa nini kilele kikubwa kiwe 100 na siyo 50? Umeme si wa 50?

#17 Fundi Kebo
Chaja na adapta zinachukua wimbi la umeme na kugeuza nusu ya chini iwe juu, kwa hiyo mapigo yanakuwa mawili kwa kila mzunguko. 50 inazaa 100. Kwenye umeme wa 60 ungeona 120. Hiyo 100 ikiwa kubwa hivyo mimi naihesabu kuwa ni ushahidi wa chaja.

#18 Kipepeo88
Au taa, nayo inapiga mara mbili kwa kila mzunguko. Tusifunge kesi.

#19 Zuhura Z
Mimi Noise Reduction siigusi kwa mvumo kabisa. Naweka High-Pass Filter ya Hz 120, roll-off 48, nimemaliza. Sekunde tano.

#20 Mama Mhariri
Kwa sauti ya mwanamke mara nyingi itapita, kwa sababu sauti yake ya msingi iko juu ya hapo, karibu na 200. Kwa mgeni huyu utakuwa umekata mzizi wa sauti yenyewe, na 150, 200 na 300 zote zinabaki zikivuma. High-pass ya 60 au 70 sawa, inaondoa ile 50 na mitetemo ya meza. Siyo 120.

Kwa kesi hii ningeanza na Notch Filter, iko Effect > EQ and Filters. Inakata uzi mmoja na kuacha jirani. Lakini usiiache na Q yake ya 1, maana hapo tundu la 100 linakuwa na upana wa Hz 100, bora hata ya Zuhura. Q ni masafa yakigawanywa kwa upana unaotaka. Ukitaka kila tundu liwe la Hz 5, basi 50 ipe Q 10, 100 ipe 20, 150 ipe 30, 200 ipe 40. Fanya moja moja, kwenye traki ya mgeni tu.

Ukimaliza, chukua profaili upya. Ile ya zamani inakumbuka mvumo ambao haupo tena, na itaendelea kuwinda sauti ya mgeni mahali pale pale. Hili watu wengi wanalisahau. Na usiweke Compressor wala kupandisha sauti kati ya kuchukua profaili na kuitumia, kwa sababu profaili ni kipimo cha nguvu. Sauti ikipanda baada ya kipimo, mvumo unavuka mstari na kuachwa.

#21 Nyundo
Kwa nini tundu lisiwe la Hz 1? Tukate mvumo tu, tusiguse kitu kingine.

#22 Mama Mhariri
Tundu jembamba sana linaacha mlio unaoendelea kidogo baada ya neno kuisha. Pia umeme haukai 50 kamili, unayumba kidogo kidogo. Ukiyumba 0.1 kwenye 50, kwenye 300 umeyumba 0.6. Mahojiano marefu yanaweza kutoka nje ya tundu lako.

#23 Kipepeo88
Kuyumba ni kitu kidogo. Kwangu jokofu liliwaka katikati ya mahojiano. Profaili niliichukua mwanzoni ambako lilikuwa limezima. Nusu ya kwanza ikawa safi, nusu ya pili ikabaki na mngurumo wote, nikadhani Audacity imechoka. Nilipobadili traki kuwa Spectrogram nikaona mistari mipya ya mlalo ikianzia sekunde ile ile jokofu lilipoamka. Ikabidi kila nusu niipe profaili yake. Mkifanya hivyo kumbukeni inashika profaili moja tu, mpya inafuta ya zamani, na ukifunga programu inapotea.

#24 Mlinga
Na kama mahojiano yalirekodiwa kwa simu? Mimi yangu yote ni ya simu. Mvumo ni mkubwa kwenye vituo na mdogo mtu akiongea, bila hata kugusa Noise Reduction.

#25 Mama Mhariri
Simu inapandisha yenyewe sauti pakiwa kimya na kuishusha mtu akianza kuongea. Hapo mvumo wako siyo wa kudumu tena, hata kama umeme ni wa kudumu. Profaili ya katikati ya kituo kirefu itakuwa na mvumo mkubwa kuliko ule ulio chini ya maneno, na programu itakata kupita kiasi. Jaribu kuichukua kwenye kituo kifupi, mara tu baada ya neno, kabla simu haijapandisha. Haitakuwa safi, lakini itakuwa karibu na ukweli. Kuna simu nyingine zinazima kabisa sauti kwenye vituo. Ukichukua profaili hapo umeifundisha kwamba kelele ni sifuri, na haitafanya kitu.

#26 Bundi wa Usiku
Wakuu, langu ni la kaseti. Mahojiano ya wazee, kaseti za zamani, nimeziingiza kwenye kompyuta. Nimefuata hatua ya #13 na kilele changu kiko 51.5, kingine 103. Nimeweka notch 50 na 100 haigusi kitu. Nina umeme wa ajabu?

#27 Fundi Kebo
Kaseti inakimbia haraka kuliko siku iliporekodiwa. Mvumo uliingia siku ya mahojiano ukiwa 50, sasa unausikia 51.5. Ni asilimia 3 ya haraka. Weka notch 51.5 na 103, au kwanza tumia Change Speed and Pitch urudishe karibu asilimia 2.9, wazee watarudi na sauti zao halisi. Mvumo umekufanyia kazi ya saa.

#28 Zuhura Z
Na kama mvumo umeingia wakati wa kuihamishia kwenye kompyuta?

#29 Fundi Kebo
Huo ungekaa 50, kwa sababu haukupita kwenye kaseti.

#30 Bundi wa Usiku
Nimeongeza Size hadi 65536. Kuna 51.5 na kuna 50 ndogo pembeni yake 😂

#31 Fundi Kebo
Basi una vyote viwili. Ushauri wa chaja unakuhusu pia.

#32 Mtegasikio
Nimerudi na majibu. Notch nne kama Mama Mhariri alivyosema, kisha profaili mpya kutoka mahali pale pale, Noise reduction 8, Sensitivity 4, smoothing 0. Pipa limeondoka, mgeni ana kifua chake. Mvumo kwenye vituo upo kwa mbali sana, unasikika ukivaa hedifoni tu. Mvumo wa kuja na neno siusikii tena kwenye spika.

Limebaki moja. Mwisho wa maneno mengine kuna kijimlio cha kumetameta, kama nusu sekunde. Nipande smoothing?

#33 Zuhura Z
Weka 2 au 3. Mimi nikishuka chini ya 3 naisikia hiyo kila mara.

#34 Mama Mhariri
Mimi ningepandisha Sensitivity kidogo kabla ya kugusa smoothing. Na kabla ya yote jaribu Residue, ile chaguo iliyo kando ya Reduce, kisha bonyeza Preview kwenye sentensi ya mgeni. Unasikia kile kinachoondolewa. Ukisikia mvumo tu, uko salama. Ukitambua maneno, unakata sauti. Rudisha Reduce kabla ya OK, la sivyo utabaki na mahojiano ya mvumo mtupu.

#35 Mtegasikio
Residue: mvumo, na kama kivuli cha "h" na "s" kwa mbali. Maneno siyatambui.

#36 Nyundo
Hizo "h" na "s" siyo mvumo, ni masafa ya juu. Kwa nini zinaingia wakati profaili ni ya umeme?

#37 Mama Mhariri
Swali zuri. Kwenye zile sekunde 2 kuna pia hewa ya chumba na mchemko wa maiki, navyo viko ndani ya profaili. "s" hafifu ikiwa karibu na mchemko huo, inashushwa nao. Audacity haijui kwamba wewe ulikusudia mvumo peke yake.

#38 Zuhura Z
Ndiyo maana hicho kijimlio kipo. Mchemko ni kelele pana, na kelele pana inataka smoothing. Nabaki na 3.

#39 Nyundo
Au baada ya notch asitumie Noise Reduction kabisa. Mvumo mkubwa si umeshaondoka? Asiyevaa hedifoni atajuaje?

#40 Mtegasikio
Hilo sikulifikiria. Nimesikiliza sasa hivi ya notch tupu kwenye spika: vituo vina mvumo kidogo, 300 inasikika, lakini "s" zote zipo na hakuna kijimlio. Shukrani wote. Naongeza notch ya 300 kwa Q 60 kisha nitailinganisha na ile ya smoothing 3.

#41 Kipepeo88
Ukipata nafasi washa ile taa peke yake bila chaja, urekodi sekunde kumi. Nataka kumaliza na Fundi Kebo.

#42 Fundi Kebo
Na chaja peke yake bila taa. Nasubiri hapa.